Barua ya mapenzi isiyoweza kutumwa kwa mwingine

“Asali wa moyo, natumai u buheri wa afya. Wewe ni ua la waridi, bila wewe siwezi kuishi.” Funika jina la mpokeaji, kisha jiulize: barua hii ingemfaa nani? Yeyote. Hapo ndipo ilipoharibika.

Tuseme mwandishi ni mume aliye kazini Mtwara, mkewe yuko Tanga. “Siwezi kuishi” tunaifuta (anaishi, tena anakula vizuri) na kuuliza ni saa ngapi hasa anapomkosa. Jibu linazaa barua mpya:

“Mke wangu, juzi umeme ulikatika nikaita, ‘Kapteni, kibiriti!’ Kimya. Siku hizi chai naitia mdalasini, ila ukiniuliza mbele ya mama nitakana.”

Kwa nini kapteni? Sisi hatujui, naye mume asieleze. Akiongeza “unakumbuka siku ile tulipopanda boti…”, anamsimulia jirani, si mkewe.

Mambo mawili kama hayo yanatosha. Yakifika kumi inakuwa orodha ya ushahidi. “Nakupenda” ibaki, mara moja, baada ya mdalasini.