Ndoo Mbili za Msambweni: Barua ya Binti Asiyewahi Kufanya Kazi Maabara

Binti mmoja wa Msambweni, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada, alitujia na barua ya kuombea nafasi ya utafiti wakati wa likizo ndefu. "Sheikh," alisema, "niandike nini, ilhali mbali na mazoezi ya darasani sijawahi kufanya kazi maabara?" Jamaa yake alikuwa amemshauri aandike kwamba ana uzoefu wa hadubini. Tulimwambia: "Mwanangu, uwongo huo utafichuka siku ya kwanza utakapoketishwa mbele ya hadubini. Tueleze jambo uliloliona na likakushughulisha."

Akatusimulia habari ya ndoo za kwao. Mama yake alikuwa akimwaga maji yenye viluwiluwi na kujaza mapya, lakini baada ya siku chache viluwiluwi hurejea. Je, mbu wametaga upya, au mayai yalibaki ndani ya ndoo?

Alichukua ndoo mbili zilizokuwa na viluwiluwi, akazimwaga. Moja aliisugua ukutani kwa brashi, ya pili akaiacha vile vile. Zote alizijaza maji ya mfereji yaliyochujwa, akazifunika papo hapo kwa kitambaa chepesi ili mbu asiingie. Siku ya tatu, ndoo isiyosuguliwa ilikuwa na viluwiluwi 11. Iliyosuguliwa haikuwa na hata kimoja. Siku ya nne alisahau kuhesabu, na daftarini akaandika "sikuhesabu", wala hakukisia. Siku ya sita akamwaga yote kabla mbu hawajaruka.

Alichokiona kina maelezo. Mbu aina ya *Aedes aegypti*, anayeeneza dengi na chikungunya, hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo huweza kustahimili ukavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa yanapofunikwa na maji. Ndiyo maana kumwaga pekee hakutoshi.

Tukamwambia aanze barua yake na ndoo hizo, kisha aseme wazi mipaka ya jaribio lake. Aliandika hivi: "Ndoo mbili hazithibitishi jambo, na bila hadubini sikuweza kujua ni mbu wa aina gani. Sijawahi kufanya utafiti maabara. Nataka kujifunza kuwatambua viluwiluwi, na kurudia jaribio kwa ndoo nyingi." Akamalizia kwa kueleza kwa nini anaomba kwa watafiti hao hasa: wao huchunguza maradhi ya mbu huku Msambweni na Ukunda, mahali alipozaliwa.

Sentensi ya "tangu utotoni naipenda sayansi" aliifuta mwenyewe. Msomaji wa maombi hawezi kuupima upendo huo, lakini daftari lenye neno "sikuhesabu" humwonyesha kwamba mwenye daftari anaweza kuaminiwa na hesabu za wengine.

Jibu bado halijafika. Nyumbani kwao, hata hivyo, ndoo sasa husuguliwa kila wiki.