Bukavu: diapo nyeupe ao nyeusi? Muulize kwanza ukuta wa salle

Ilikuwa saa tano za asubuhi katika oditori moja ya Bukavu. Mwanafunzi wa agronomi alikuwa anatetea kazi yake ya mwisho juu ya mihogo. Diapo zake zilikuwa na chini nyeusi, na juu yake mistari miwili: wa rangi nyekundu na wa rangi ya bluu. Nyumbani, kwenye ordinateri yake, kila kitu kilionekana vizuri. Lakini ukutani mstari wa bluu ulipotea kabisa. Mmoja wa wanajuri akauliza: «Matokeo ya shamba la pili yako wapi?» Yalikuwa mbele yake, lakini hakuna aliyeweza kuyaona.

Wengi wanafikiri kuchagua chini nyeupe ao nyeusi ni jambo la kupenda tu, kama kuchagua shati. Lakini kosa la mwanafunzi huyu lina sababu inayoweza kuhesabiwa.

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili: projekteri haina mwangaza mweusi. Pale diapo ni nyeusi, projekteri inajaribu tu kutotuma kitu. Kwa hiyo nyeusi utakayoipata ni rangi ya ukuta wenyewe, pamoja na mwangaza wote unaoingia kwa madirisha. Kama unataka kujua nyeusi yako itakuwa namna gani, funika kioo cha projekteri na utazame ukuta. Ukiuona mweupe, basi nyeusi yako itakuwa nyeupe-nyeupe, hata ukifanya nini katika ordinateri.

Tuhesabu kidogo. Tuseme projekteri inatoa lumeni 3000 za kweli, na picha ina metre 2 kwa metre 1 na nusu, ni kusema metre za mraba 3. Kila metre ya mraba inapata lumeni 1000, ndiyo tunaita luksi 1000. Madirisha hayana mapazia, na jua linaongeza luksi 300 kwenye ukuta. Basi nyeupe kamili itakuwa na 1300, na nyeusi itakuwa na 300. Tofauti kati yao ni mara nne na kidogo tu.

Sasa tuweke rangi. Bluu kamili inabeba karibu sehemu 7 tu kwa 100 za mwangaza wa nyeupe. Inatoa luksi 70, na ukiongeza zile 300 za jua unapata 370. Juu ya chini nyeusi yenye 300, jicho haliwezi kuitenga vizuri. Nyekundu, yenye karibu sehemu 21 kwa 100, inafika 510: inaonekana, lakini kwa shida. Ndiyo sababu wanajuri waliona mstari mmoja tu.

Tugeuze chini iwe nyeupe, yenye 1300. Bluu inabaki na 370, kwa hiyo nyeupe inaizidi zaidi ya mara tatu. Nyekundu nayo inazidiwa mara mbili na nusu. Salle ni ileile, projekteri ni ileile, mistari ni ileile, lakini sasa yote miwili inasomeka.

Lakini tusidanganyane: chini nyeupe nayo ina rangi inazoua. Njano inabeba sehemu 93 kwa 100. Juu ya nyeupe inapotea, na juu ya nyeusi inawaka vizuri. Kijani kikali pia kinafifia juu ya nyeupe. Kwa hiyo, ukichagua chini nyeupe, tumia bluu, nyekundu na kijani cha giza. Ukichagua chini nyeusi, tumia nyeupe, njano na kijani cha wazi, na usiweke bluu hata kidogo.

Kuna sababu nyingine inayosaidia nyeupe mchana. Mbele ya mwangaza mwingi, mboni ya jicho inajikaza, na jicho linaona maandishi madogo kwa usafi zaidi. Mzee aliyesahau lunete zake nyumbani atalisikia jambo hilo mapema kuliko wengine.

Kuna pia kipimo cha haraka. Simama karibu na ukuta utakaotumia, taa zikiwa zimezimwa, na ufungue gazeti. Kama unalisoma bila kukaza macho, chukua chini nyeupe. Kama husomi kitu, salle ina giza la kutosha, na unaweza kutumia nyeusi. Katika giza, nyeupe kamili inaumiza macho ya watu. Kama ni lazima uitumie, ibadilishe iwe kijivu cha wazi sana.

Televizyo kubwa ya bureau ni kitu kingine. Yenyewe inatengeneza mwangaza wake, na nyeusi yake haitegemei ukuta. Hapo chini nyeusi inaweza kufaa hata mchana, ila kwa sharti moja: kioo kisiwe kinyume cha dirisha. Kioo kinachong'aa, kikiwa na picha nyeusi, kinakuwa kama kiyoo cha kujitazama, na watu wataona dirisha na nyuso zao mahali pa kazi yako. Keti kwenye kiti cha mwisho kabla ya mkutano na utazame. Ukijiona mwenyewe, rudi kwa nyeupe.

Yaliyomo katika diapo nayo yana neno. Maandishi mengi, tablo za namba na karatasi zilizopigwa skana zinapenda nyeupe, kwa sababu karatasi yenyewe ni nyeupe. Ukiibandika juu ya nyeusi, inawaka kama dirisha usiku. Lakini picha kubwa, hasa radio ya mifupa ao ya kifua, inafaa chini nyeusi na salle ya giza, kwa kuwa daktari anatafuta tofauti ndogo ndani ya sehemu za giza. Kumuonyesha radio salle ikiwa na jua ni kumficha ugonjwa, hata uchague chini gani. Tafuta kwanza mapazia.

Wengine wanachagua nyeusi wakifikiri watapunguza umeme, ao mafuta ya jenereta. Haisaidii. Taa ya projekteri nyingi inawaka kwa nguvu ileile, diapo iwe nyeupe ao nyeusi; nyeusi inazuia tu mwangaza uliokwisha kulipiwa. Ni vivyo hivyo kwa ordinateri nyingi za kawaida, zenye taa nyuma ya kioo.

Kwa sababu hauwezi kujua salle kila mara mbele ya wakati, jitayarishe kwa zote mbili. Katika PowerPoint ya Kifaransa, fungua Création (matoleo mengine yanaandika Conception), kisha Variantes, kisha Styles d'arrière-plan. Hapo unageuza diapo zote kwa mara moja, na maandishi ya kawaida yanajigeuza yenyewe. Lakini maandishi uliyoyapaka rangi kwa mkono hayageuki, na logo yenye herufi nyeusi bila chini yake itazama katika giza. Pitia diapo moja moja, kiisha uhifadhi fishie mbili kwenye kle, moja nyeupe na moja nyeusi.

Mwanafunzi wa mihogo alikuwa na fishie moja tu. Alisoma namba za shamba la pili kwa sauti, juri likaziandika kwa kalamu. Kama angefika nusu saa mapema, angefunika kioo cha projekteri, na ukuta ungemwambia.