Ukuta mnene, ukuta mwembamba: swali la Gram na majibu yake ya mtego

Wanafunzi wa uuguzi, maabara na udaktari hukutana na swali hili, au ndugu yake, karibu kila wanapofanya mtihani wa maikrobayolojia:

Kwa nini bakteria wa Gram hasi hupoteza rangi ya zambarau wanapooshwa kwa alkoholi?

A. Ukuta wao hauna peptidoglaikani.
B. Rangi ya zambarau haiwezi kuingia ndani yao.
C. Alkoholi huyeyusha utando wao wa nje, na peptidoglaikani yao nyembamba haiwezi kuizuia rangi isitoke.
D. Alkoholi huyeyusha asidi ya teikoiki iliyo kwenye ukuta wao.

Jibu ni C. Hata hivyo, yale majibu matatu ya makosa ndiyo yanayostahili kuchunguzwa zaidi, kwa sababu kila moja limefinyangwa kwa kipande cha ukweli. Anayejua kwa nini A si sahihi ameuelewa ukuta wa bakteria kuliko aliyeikariri C.

Tuanze na ukuta wenyewe. Ndani ya bakteria mna chumvi na viini vingi kuliko majimaji yanayomzunguka, kwa hiyo maji hujisukuma kuingia ndani wakati wote. Kinachomzuia asipasuke ni peptidoglaikani: minyororo ya sukari iliyounganishwa kwa vipande vifupi vya asidi amino, ikawa wavu mmoja unaomfunika pande zote. Bakteria wa Gram chanya ana nyavu hizi tabaka juu ya tabaka, unene wa nanomita 20 hadi 80, na ndani yake zimepenya nyuzi za asidi ya teikoiki. Nanomita ni kipimo kidogo mno. Zinahitajika milioni moja kutimiza milimita moja. Bakteria wa Gram hasi naye ana wavu huohuo, ila wake haufiki nanomita 10. Juu ya wavu huo mwembamba amevaa kitu ambacho mwenzake hana: utando wa pili, wa nje, uliojengwa kwa mafuta na lipopolisakaridi. Utando wa ndani, ule unaogusa uhai wa seli wenyewe, wanao wote wawili.

Kwa hiyo A imeanguka. Na kama mtu anataka ushahidi nje ya kitabu, afikirie kisonono. Kimelea chake ni cha Gram hasi, na kwa miongo mingi kilitibiwa kwa penisilini kabla hakijawa sugu. Penisilini huua kwa kuzuia viungo vya peptidoglaikani visifungwe. Kama kimelea hicho kisingekuwa na peptidoglaikani, sindano zile zisingekuwa na kazi yoyote. Neno la kuangaliwa katika majibu ya namna hii ni «hauna». Tofauti ya makundi haya mawili, kwa upande wa peptidoglaikani, ni ya unene tu. Kukosa kabisa kunahusu asidi ya teikoiki, ambayo Gram hasi hana, na utando wa nje, ambao Gram chanya hana.

D inaanguka palepale: alkoholi haiwezi kuyeyusha kwa Gram hasi kitu ambacho hakuwa nacho. Mtunga mtihani amechukua jina la kweli na kulipeleka kwenye kundi lisilo lake, na mtahiniwa aliyesoma haraka hulitambua jina akaridhika.

B inataka tuingie maabara. Daktari Hans Christian Gram, Mdenmaki, aliitangaza njia hii mwaka 1884 akiwa Berlin, ambako alikuwa akitafuta bakteria katika mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Leo sampuli hupakwa kwenye slaidi, ikaachwa ikauke, kisha ikapitishwa juu ya moto ili ishike. Humwagiwa kristali vayoleti kwa takriban dakika moja na kusuuzwa. Hufuata aidini kwa dakika moja nyingine. Hii huungana na rangi na kutengeneza mabonge makubwa ndani ya seli. Mtu akiitazama slaidi kwa hadubini wakati huu, bakteria wote ni wa zambarau, wa Gram chanya na wa Gram hasi. Rangi imeingia kwa wote, na B imekufa hapo.

Kinachoamua ni alkoholi inayofuata, sekunde chache tu. Kwa Gram hasi huyeyusha utando wa nje, na mabonge ya rangi hupita kwenye wavu uliobaki. Kwa Gram chanya hunyonya maji kwenye nyavu nene, matundu yake yakajibana, rangi ikafungiwa ndani. Mwisho huongezwa safranini, inayowapa waliobaki bila rangi wekundu wa waridi. Gram mwenyewe hakujua sababu hii. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1983, Terry Beveridge na James Davies walipofuatilia kila hatua kwa hadubini ya elektroni, karibu miaka 100 baadaye.

Kwa kuwa uamuzi wote uko katika sekunde hizo chache, makosa nayo huzaliwa hapo. Chukua majimaji ya uti wa mgongo ya mtoto mwenye homa kali na shingo ngumu. Nyumokokasi, wa Gram chanya, huonekana wawili wawili, wa zambarau, wamechongoka kidogo kama ncha ya mkuki. Meningokokasi, wa Gram hasi, nao huonekana wawili wawili, lakini wa waridi, wametazamana kwa upande uliobapa. Alkoholi ikizidi, hata wavu mnene huachia rangi, na nyumokokasi hutoka wa waridi. Bakteria waliozeeka kwenye sahani ya kuoteshea, au ambao dawa imeshaanza kuwabomoa ukuta, huweza kudanganya vivyo hivyo. Alkoholi ikipungua, au sampuli ikipakwa nene, kosa huelekea upande wa pili: Gram hasi hubaki wa zambarau. Ndiyo maana maabara makini hupaka pia stafilokokasi na E. koli wanaojulikana, na kuwapitisha katika rangi zilezile. Stafilokokasi akitoka wa waridi, slaidi ya mgonjwa haisomwi. Kazi huanza upya. Umbo nalo husaidia, na majibu ya kuotesha huja kuthibitisha.

Kuna swali la pili ambalo mimi hulipenda zaidi, kwa sababu halimtaji Gram kwa rangi. Linauliza kwa nini vankomaisini haifai dhidi ya E. koli. Chaguo linalovuta wengi husema kwamba E. koli hana kile ambacho dawa hiyo hukishambulia. Lakini vankomaisini hushambulia ujenzi wa peptidoglaikani, na tumeshaona kwamba anayo. Kizuizi ni utando wa nje. Vitundu vya protini vilivyomo humo hupitisha molekuli ndogo, na vankomaisini ni kubwa mno kwao.

Na mara nyingine mtahini humchomeka kwenye machaguo bakteria asiyefaa kundi lolote. Maikoplazma hana ukuta kabisa. Kwake, neno «hana» ni sahihi, na penisilini haimgusi. Kimelea cha kifua kikuu ana peptidoglaikani, lakini ukuta wake umejaa nta ya asidi ya maikoliki inayoizuia kristali vayoleti isiingie vizuri, hivyo huonekana kwa shida au hukosekana machoni. Huyo huwekewa njia ya Ziehl na Neelsen, ambayo hupasha rangi moto ili ipenye nta, kisha huiosha kwa asidi.