Ukungu wa Mwendo: Jinsi Kompyuta Inavyozuia Rangi ya Nguzo Kuvujia Kwenye Basi

Kamera halisi hupata ukungu wa mwendo bila jasho. Filamu ya sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde, na kwa desturi kilango cha mwanga hukaa wazi nusu ya muda wa kila fremu, yaani 1/48 ya sekunde. Kitu kinachosogea wakati kilango kiko wazi huacha rangi yake njia nzima kilimopita, na ndiyo maana gari linalokimbia huonekana limefifia kingo.

Kompyuta inayochora mchezo wa video haina kilango. Huchora kila kitu mahali kilipo katika nukta moja ya wakati, kisha huhamia fremu inayofuata. Kila fremu ni kali kama wembe, na zikipita haraka jicho huona vitu vikirukaruka badala ya kuteleza. Basi ukungu hauna budi kutengenezwa baada ya picha kuchorwa.

Njia ya awali iliangalia kamera peke yake. Kompyuta inajua kila pikseli iko umbali gani kutoka kwa mtazamaji, kwa hiyo inaweza kukokotoa pikseli hiyo ilikuwa wapi katika fremu iliyopita, kwa kudhani kwamba kilichosogea ni kamera tu. Gilberto Rosado aliieleza njia hiyo katika kitabu cha GPU Gems 3 cha mwaka 2007. Kwa kuta, barabara na milima inafaa sana. Tatizo hujitokeza kwenye mchezo wa mbio za magari. Gari lako huenda pamoja na kamera, kwa hiyo kwenye skrini limetulia palepale. Hesabu haijui hilo. Hulichukulia kama jiwe la kando ya barabara, na hulifuta kwa ukungu pamoja na mawe.

Dawa yake ni bafa ya kasi, ambayo huandika mwendo wa kila kitu peke yake. Kitu kinapochorwa, kompyuta hukokotoa nafasi yake mara mbili: mahali kilipo sasa na mahali kilipokuwa fremu iliyopita. Tofauti ya nafasi hizo mbili kwenye skrini huhifadhiwa katika picha ya pili iliyofichwa, yenye ukubwa sawa na ile tunayoiona. Kila pikseli ya picha hiyo ina namba mbili, mwendo wa kulala na mwendo wa kusimama. Kwa mtu anayetembea, lazima mkao wa mifupa yake wa fremu iliyopita nao uwe umehifadhiwa. La sivyo, mkono utapunga hewani huku bafa ikisema umetulia.

Tuchukue mfano. Basi refu linapita mbele ya ukuta kutoka kushoto kwenda kulia. Skrini ina upana wa pikseli 1920, na basi hulivuka eneo hilo lote kwa sekunde moja. Mchezo ukichora fremu 60 kwa sekunde, basi husogea pikseli 32 kila fremu. Kilango chetu cha kubuni kikiwa wazi nusu ya muda huo, ukungu unapaswa kuwa na urefu wa pikseli 16. Pua ya basi iko kwenye pikseli ya 1000 kutoka kushoto, kwa hiyo ukungu utaanzia 992 na kuishia 1008.

Njia rahisi ni kuiambia kila pikseli isome kasi yake, ichukue sampuli 16 za rangi kwenye mstari wa mwendo, nane kila upande, kisha ipate wastani. Tazama kinachotokea kwenye pikseli ya 1004. Hapo ni ukutani, na kasi ya ukuta ni sifuri, kwa hiyo pikseli haichukui sampuli yoyote. Matokeo yake ni basi lenye ukungu ndani ya umbo lake tu, lakini ukingo wa nje umekatwa kwa mkasi. Kamera halisi isingefanya hivyo. Pua ya basi ingefika 1004 na kuifunika kwa robo ya mwisho ya muda wa kilango, kwa hiyo pikseli hiyo ingekuwa robo basi na robo tatu ukuta.

Mwaka 2012 Morgan McGuire na wenzake walichapisha njia ya kuliondoa tatizo hili. Skrini hugawanywa katika vigae vya mraba, tuseme vya pikseli 20 kwa 20. Kila kigae hutafuta kasi kubwa kuliko zote ndani yake, kisha hujilinganisha na vigae vinane vinavyokizunguka na kubaki na ile iliyo kubwa zaidi. Sasa pikseli ya 1004 inafahamu kwamba jirani yake anakimbia. Inachukua sampuli zake 16 kati ya 996 na 1012, na nne kati ya hizo zinaangukia kwenye basi. Nne kwa 16 ni robo, sawasawa na kamera.

Lakini ruhusa hiyo ya kuchota rangi kwa jirani huleta balaa la pili. Weka nguzo ya taa iliyosimama mbele ya basi, kati ya pikseli ya 850 na 860. Pikseli ya 864 ni ubavu wa basi unaokimbia. Sampuli zake zinaanzia 856, kwa hiyo nne zinaangukia kwenye nguzo, na robo ya rangi ya nguzo inapakazwa ubavuni mwa basi. Mchezaji ataona nguzo ina kivuli cha ajabu kilichovutwa pembeni.

Kwa hiyo kila sampuli lazima ijibu maswali mawili kabla ya kuhesabiwa: iko mbele yangu au nyuma yangu, na mwendo wake unaweza kunifikia? Iliyo mbele hukubaliwa tu ikiwa kasi yake inatosha kuifikisha hapa. Nguzo iko mbele lakini kasi yake ni sifuri, basi inakataliwa. Kwa upande wa pili, pikseli ya 858 iliyo kwenye nguzo inakutana na sampuli za basi zenye kasi ya kutosha, lakini zipo nyuma yake na yenyewe haisogei, nazo zinakataliwa. Nguzo inabaki safi. McGuire hakutumia ndiyo na hapana, bali mizani laini inayopanda na kushuka taratibu, maana hukumu ya ghafla huzaa kingo zinazometameta. Robo yetu hapo huwa makadirio ya karibu.

Kuna kitu ambacho hesabu hii haiwezi kukipata. Pikseli ya 996, ndani ya pua ya basi, inapaswa kuonyesha robo ya ukuta uliofichwa nyuma ya basi. Ukuta huo haukuchorwa, kwa hiyo kompyuta huazima ukuta wa jirani, kati ya 1000 na 1004. Ukuta ukiwa wa rangi moja hakuna atakayegundua. Ukiwa na maandishi madogo, herufi zitajirudia ukingoni. Vioo na moshi navyo ni taabu, kwa kuwa pikseli moja ina vitu viwili vyenye kasi tofauti na bafa ina nafasi ya kasi moja tu.

Ukitaka kujua kosa liko wapi, waundaji huionyesha bafa yenyewe kama picha, mwendo wa kulala kwa rangi nyekundu na wa kusimama kwa kijani. Kitu kinachosogea lakini kimebaki cheusi hakikuhifadhiwa nafasi yake ya awali. Skrini nzima ikiwaka kwa fremu moja wakati kamera inahama eneo, fremu hiyo inalinganishwa na mahali ambapo kamera haipo tena, na kasi zake zinapaswa kufutwa zote. Bafa ikiwa sahihi na bado rangi inavuja, kosa liko kwenye yale maswali mawili.