Miguu Inapovimba: Chagua Kiatu Kinachorekebishika, si Namba Kubwa Zaidi

Mama mjamzito anayeona viatu vyake vinambana, au msafiri anayejiandaa kukaa kwenye basi kutwa nzima, mara nyingi huenda dukani na kuomba namba moja au mbili zaidi ya ile aliyoizoea. Ununuzi wa namna hiyo humpa mtumiaji kitu asichokihitaji. Uvimbe hunenepesha unyayo kuliko unavyourefusha, ilhali namba ya kiatu hupima urefu.

Katika ujauzito maji ya mwili huongezeka, na mji wa mimba unaokua hukandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni. Kwa msafiri aliyeketi, misuli ya miguu haifanyi kazi ya kusukuma damu kwenda juu, hivyo majimaji hubaki chini. Katika hali zote mbili, sehemu inayovimba zaidi ni mgongo wa unyayo na kifundo.

Kwa sababu hiyo tunashauri vipimo vichukuliwe jioni, mtu akiwa amesimama. Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, kisha tia alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Halafu zungusha utepe wa fundi cherehani katikati ya unyayo, mahali ulipoinuka. Pima miguu yote miwili, na uzingatie ule mkubwa.

Tuchukue mfano wa mama ambaye vipimo vyake vya asubuhi ni urefu wa sentimita 24.3 na mzunguko wa sentimita 23. Jioni urefu ni 24.5 na mzunguko ni 24.5. Urefu umeongezeka kwa milimita 2 tu, lakini mzunguko umeongezeka kwa milimita 15. Ili kupata namba kwa kipimo cha Ulaya, tunaongeza sentimita 1.5 za nafasi ya vidole kwenye urefu wa jioni, tunapata 26, kisha tunazidisha kwa 1.5. Jibu ni 39. Akichukua namba 41, atapata urefu wa ziada wa takriban milimita 13 asiouhitaji. Kisigino kitachomoka kila anapopiga hatua, na vidole vitajikunja ili kukishika kiatu. Kwa mtu ambaye tumbo limekwisha kubadili mizani ya mwili wake, kuteleza kwenye ngazi ya basi ni hatari ya kweli.

Anachohitaji mama huyu ni kiatu cha namba 39 ambacho mzunguko wake unaweza kupanuka kwa milimita 15 na kurudi. Kiatu cha kamba kinafaa iwapo mwanya wake unashuka hadi karibu na vidole. Kandambili za velkro zinafaa iwapo zina mikanda miwili inayofunguka, mmoja juu ya vidole na mwingine juu ya mgongo wa unyayo. Mkanda wa kifundoni peke yake hautoshi. Lastiki isiyofunguka nayo haishauriwi, kwa kuwa huendelea kubana kadiri uvimbe unavyozidi.

Namba iliyochapwa hutofautiana kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, kwa hiyo kijaribu kiatu kabla ya kulipa. Ikiwa soli ya ndani inatoka, itoe na usimame juu yake: ibaki angalau sentimita 1 mbele ya kidole kirefu, na nyama ya unyayo isimwagike pembeni. Ukijaribu mchana, hakikisha mkanda bado unaweza kulegezwa kwa sentimita 2 huku velkro ikiwa imeshikana vizuri. Tembea dakika kumi, kisha vua. Mkanda ukiacha mfereji kwenye ngozi, umebana. Mwulize pia muuzaji sharti la kubadilisha namba, na uombe liandikwe kwenye risiti.

Safarini, legeza mikanda kabla ya kuketi badala ya kusubiri maumivu, na utembee kidogo gari linaposimama.

Kiatu, hata kiwe kizuri namna gani, hakitibu uvimbe. Mjamzito anayevimba ghafla uso au mikono, anayeumwa kichwa sana au kuona ukungu, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, kwani hizo huweza kuwa dalili za hatari ya kifafa cha mimba. Vivyo hivyo, mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, hasa kwenye shavu la mguu, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na tatizo hilo ni la daktari, si la muuza viatu.