Damu kwenye Maranda

Vifaranga wa wiki nne wamejikunyata, mbawa zimeshuka, na juu ya maranda kuna kinyesi chenye damu. Wafugaji wengi hukimbilia kudhani ni mdondo. Mpasue aliyekufa muda mfupi uliopita, ufuate utumbo hadi unapogawanyika kuwa vifuko viwili virefu karibu na mwisho. Vikiwa vimevimba, vyekundu iliyoiva, na ndani mmejaa damu iliyoganda, shaka kubwa iende kwa koksidiosisi.

Kijidudu chake, eimeria, huzaliana ndani ya ukuta wa utumbo na kuupasua. Damu huonekana takriban siku ya tano baada ya kifaranga kumeza mayai yake. Mayai hayo yakitoka na kinyesi hayana madhara bado. Yanahitaji unyevu, joto na hewa kwa siku moja au mbili ili yakomae.

Ndiyo maana dawa huenda sambamba na ufagio. Amproliamu hutiwa kwenye maji, kwa kuwa kifaranga mgonjwa huacha kula lakini huendelea kunywa. Fuata kipimo cha lebo, na usichanganye na vitamini B1: dawa hii humdhuru kijidudu kwa kumnyima vitamini hiyo.

Kisha fumbata maranda mkononi. Yakishikana kama donge, yamelowa: ondoa yaliyo chini ya vinyweshea, weka makavu, inua vinyweshea hadi usawa wa mgongo wa vifaranga. Dawa nyingi za kawaida za kuua vijidudu haziyaui mayai haya. Ukavu huyazuia kukomaa.