Mlango Ukikwama, Mota Isiungue

Mlango wa banda la kuku unaojifunga jioni wenyewe hauna mengi ndani: betri ya volti 12, mota ndogo yenye gia, reli ya meno inayousukuma mlango pembeni, na chipu inayoipa mota umeme. Siku jiwe likiingia kwenye reli, mlango husimama lakini umeme hausimami. Asubuhi mwenye banda anakuta harufu ya koili iliyoungua, au gia ya plastiki iliyokatika meno.

Kinachotokea kinaeleweka kwa hesabu fupi. Mota inapozunguka huzalisha volti yake yenyewe inayopingana na ile ya betri, hivyo umeme unaopita ni mdogo:

```
I = (V - E) / R
```

E ni hiyo volti ya kupinga, R ni ukinzani wa koili. Tuchukue mota yenye koili ya omu 6. Ikisukuma mlango kawaida huvuta ampea 0.4. Ikikwama, E inakuwa sifuri, na 12 gawanya kwa 6 ni ampea 2. Umeme umeongezeka mara tano, lakini joto la koili hufuata mraba wa umeme, kwa hiyo limeongezeka mara 25: kutoka wati 1 hivi hadi wati 24, ndani ya kikopo kinachoenea kiganjani.

Hapo ndipo chipu kama DRV8876 inaposaidia. Mguu wake uitwao IPROPI hutoa sehemu moja ya elfu ya umeme unaopita kwenye mota. Ukiunga mguu huo kwenye ardhi ya saketi kupitia rezista ya omu 1,500, kila ampea moja ya mota inaonekana kama volti 1.5, na kidhibiti kinaweza kuisoma. Chipu ina kinga yake ya ndani pia, ila hiyo haishtuki mpaka umeme upite ampea 3.5. Imewekwa kuilinda chipu yenyewe. Mota yetu inaweza kuungua kwa ampea 2 bila kinga hiyo kujua lolote.

Sasa kikomo kiwekwe wapi? Wengi hupima umeme wa kukwama, wakapata 2, wakaweka kikomo 1.7 wakidhani wamejiachia nafasi. Mezani hufanya kazi vizuri. Lakini shaba huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili ikipanda nyuzi 60, zile omu 6 zinakuwa karibu 7.4. Betri nayo ikiwa imechoka, imeshuka hadi volti 11, mota iliyokwama itavuta ampea 1.5 tu. Kikomo cha 1.7 hakifikiwi kamwe, na kinga inalala siku ileile inayohitajika. Kwa hiyo anza kuhesabu kutoka umeme wa kazi. Pima asubuhi ya baridi, grisi ikiwa nzito. Tuseme unapata 0.55. Kikomo cha ampea 0.9 kinatosha, na kiko mbali na pande zote mbili.

Kuna kikwazo kimoja. Mota inapoanza kuzunguka bado haina volti ya kupinga, hivyo kwa muda mfupi huvuta umeme uleule wa kukwama. Kidhibiti kisichojua hilo kitauzima mlango kila unapoanza. Dawa ni kupuuza vipimo vya milisekunde 200 za mwanzo, kisha kuhitaji umeme ubaki juu ya kikomo kwa milisekunde 100 mfululizo.

Ikishazima, irudishe mota nyuma kidogo, isubiri, ijaribu mara moja au mbili, kisha isimame kabisa na kuwasha taa ya hitilafu. Kujaribu bila mwisho ni njia nyingine tu ya kuiunguza.

Umeme pia una upofu wake. Gia zikikimbia na kugonga kizuizi, kishindo kinafika kwenye meno kabla kipimo hakijapanda. Mwisho wa safari basi uwe na swichi ya kikomo, na umeme ubaki mlinzi wa pili. Kama mlango wako unashuka kwa uzito wake ukining'inia kwenye kamba, kuku akiwa chini yake kamba hulegea na umeme haupandi hata kidogo; huko kipimo hiki hakimlindi kuku.

Kabla ya kufunga kifuniko, zuia mlango kwa kipande cha ubao mara mbili: kwanza betri ikiwa imejaa na mota baridi, kisha betri ikiwa imechoka na mota moto. Isipozima ndani ya nusu sekunde mara zote mbili, usiuache ufanye kazi usiku.